Kampuni zilizoondoka sokoni zihesabiwe vipi?

"Nina bei za kampuni zilizoko kwenye soko la hisa la Kampala leo, kuanzia 2012. Nikipima mkakati wangu kwa bei hizo, matokeo yanaaminika?"

Anza kwa kuhesabu kampuni zilizomo kila mwaka. MTN Uganda iliingia sokoni Desemba 2021 na Airtel Uganda Novemba 2023, kwa hiyo idadi lazima ipande hapo. Ikiwa kila mwaka inapanda tu, bila kushuka hata mara moja, shuku kwamba zilizoondoka zimefutwa na unawapima walionusurika peke yao.

Wapo wanaosema soko letu ni dogo mno kwa kosa hilo kuleta tofauti. Mimi naona udogo ndio unaolikuza. Tuchukue mfano wa kubuni: hisa kumi, fedha sawa kwa kila moja. Nane zimebaki na kila moja imepanda asilimia 8. Moja imefilisika, umepoteza yote. Moja imenunuliwa na kampuni nyingine, ukalipwa asilimia 30 juu ya bei yako. Ukipima zile nane unaona faida ya asilimia 8. Ukizipima zote kumi umepata hasara ya asilimia 0.6.

Hata hivyo, wanaopinga marekebisho ya pupa nao wana hoja nzito. Ukiipa kila iliyoondoka hasara ya asilimia 100, mfano huohuo unatoa hasara ya 13.6, na huo nao ni uongo. Kuondoka si kufa. Mkataba wa kampuni ya Umeme wa kusambaza umeme Uganda ulikwisha 31 Machi 2025 bila kampuni kufilisika, na thamani ya hisa zake ikategemea sana fidia kutoka serikalini. Tafuta malipo ya mwisho ya kila kampuni, moja baada ya nyingine. Kazi hiyo inachosha, lakini kwa soko la kampuni chache inawezekana.

Kosa la kuchungulia mbele, yaani kuamua kwa habari ambazo siku hiyo hazikuwa zimejulikana, ni gumu zaidi kuligundua. Kata data yako, tuseme, mwisho wa Juni 2019, kisha kokotoa upya ishara za kununua na kuuza:

```
a = ishara(bei)
b = ishara(bei[:'2019-06-30'])
print((a[:'2019-06-30'] != b).sum())
```

Isipotoka sifuri (ukiacha siku za mwanzo zisizo na thamani), ishara za zamani zimetumia bei za baadaye. Lakini sifuri haikusafishi. Faida ya mwaka unaoishia 31 Desemba hutangazwa miezi kadhaa baadaye, na faili nyingi huiandika kwa tarehe hiyo ya Desemba. Kipimo cha kukata hakitaiona, kwa sababu kosa liko kwenye tarehe yenyewe. Isogeze taarifa hiyo hadi siku iliyotangazwa gazetini, halafu pima tena. Mkakati unaotegemea hesabu za mwaka ukipoteza faida yake yote kwa kusogezwa hivyo, ulikuwa ukinunua Januari kwa habari za Machi.