Mita 900 za mbuga na ombi lililokaa ukurasa wa nne

"Ukitanguliza muhtasari, mkubwa anasoma mistari mitano anafunga simu. Sasa kazi ya mwezi mzima nimemwandikia nani?" Ni swali la fundi sanifu wa maji, Tabora, kuhusu ushauri wa kuanza taarifa ya kazi na muhtasari.

Umemwandikia huyo huyo mkubwa, umemwandikia mhasibu, na umemwandikia mkaguzi atakayelifungua jalada miaka miwili baadaye. Watu hawa watatu hawatafuti kitu kimoja. Wa kwanza anataka kujua afanye nini leo, wa pili anataka kujua fedha zinakwenda wapi, wa tatu anataka kujua jambo gani lilitangulia lipi. Taarifa zetu nyingi humhudumia yule wa tatu kwanza, na mara nyingi huyo ndiye pekee anayehudumiwa.

Mpangilio wenyewe tunaujua: utangulizi, utekelezaji, mafanikio, changamoto, hitimisho. Nimewahi kusoma taarifa ya bomba la kijiji kimoja iliyoanza na ukubwa wa mkoa, kilomita za mraba 76,151, ikapita kwenye sensa ya 2022, na kijiji chenyewe kikatokea ukurasa wa pili. Mwandishi hakuwa mzembe. Mpangilio huo unatokana na taarifa zinazosomwa kwa sauti mbele ya mgeni aliyefika kijijini kwa mara ya kwanza, na mgeni wa namna hiyo kweli anahitaji kuelezwa alipo. Shida inaanza pale taarifa ile ile inapotumwa kwenye simu ya mhandisi ambaye mradi huo anaujua tangu siku ya upimaji.

Nitaeleza lililonipata mimi, kwenye mradi mmoja upande wa Sikonge. Bomba lilikuwa la mita 6,000, kutoka kisimani hadi kwenye tenki na vituo vya kuchotea maji. Tarehe 14 Oktoba tulikuwa tumelaza mita 4,350 kwa siku 58 za kazi, yaani mita 75 kwa siku. Niliandika taarifa ya kurasa tano, na kwenye utekelezaji nikaweka kwa herufi nzito kwamba kazi imefikia asilimia 72. Ukurasa wa nne, chini ya changamoto, ya tatu kati ya sita, niliandika: "Sehemu iliyobaki inapita kwenye mbuga, hivyo tunashauri kutumia mtambo."

Ile asilimia 72 nimeifikiria sana tangu siku hiyo. Ilikuwa kweli kwa hesabu, lakini ilimpa msomaji picha isiyo sahihi. Anayeisoma hupiga hesabu mwenyewe kichwani: kama mita 75 zinakwenda kwa siku, mita 1,650 zilizobaki ni siku 22, kwa hiyo mwanzoni mwa Novemba tumemaliza. Ila mita zilizobaki hazikufanana na zile zilizokwisha. Mita 750 zilikuwa kwenye udongo wa kawaida. Mita 900 zilikuwa mbugani, kwenye udongo mweusi ambao wakati wa kiangazi hukauka ukawa mgumu hata sururu inadunda, na mvua ikinyesha hugeuka tope linalomeza matairi. Pale vijana walikuwa wanatoa mita 30 kwa siku. Siku 10 za udongo wa kawaida na siku 30 za mbuga ni siku 40 za kazi, na hizo zinafika mwisho wa Novemba. Kwetu mvua huanza Novemba.

Jibu lilikuja siku iliyofuata: "Hongereni, endeleeni hivyo hivyo." Simlaumu aliyejibu. Alisoma kile nilichokikoleza kwa herufi nzito. Kibali cha kijiko, ule mtambo wa kuchimbia, kilitoka tarehe 19 Novemba baada ya mimi kupiga simu mara tatu, na wakati huo gari la kuubeba lisingeweza kupita. Mita 340 tulizokuwa tumechimba mbugani na kulaza bomba bila kufukia zilijaa maji. Bomba la plastiki likiwa tupu huelea. Lilinyanyuka kutoka kwenye mtaro, kingo zikabomoka, udongo ukaingia chini yake. Tulirudi kuchimba upya Mei, na muda wote huo wanakijiji waliendelea na visima vyao vya zamani.

Leo ningeiandika hivi, na sehemu hii ya juu ningeiandika mwisho, maelezo yote yakishakamilika:

> Bomba limelazwa mita 4,350 kati ya 6,000. Mita 900 kati ya zilizobaki zinapita mbugani, na kwa mikono hazitakwisha kabla ya mvua.
> Tunaomba kibali cha kukodi kijiko kwa siku 3, shilingi 3,600,000 kutoka fedha za dharura za mradi.
> Jibu linahitajika kabla ya tarehe 22 Oktoba, kwa kuwa kukodi na kusafirisha mtambo kunachukua siku 5.
> Tusipopata kibali, tutasimamisha kazi ya mbugani hadi Mei.

Asilimia haimo. Ningeipeleka kwenye maelezo, ikiwa na sentensi ya udongo pembeni yake. Neno changamoto nalo halimo, kwa sababu limechoka. Tunaliandika kwa ukosefu wa karatasi na kwa mtaro unaokaribia kujaa maji, na msomaji hana namna ya kujua lipi ni lipi.

Chini ya muhtasari huo, maelezo yanafuata uzito wa jambo, si mfululizo wa siku. La kwanza ni sababu ya kudai kwamba mita 900 hazitakwisha: mita 75 kwa siku kule, mita 30 huku, zilipimwa tarehe zipi na kwa vijana wangapi. La pili ni gharama, siku ngapi za mtambo na nauli ya kuusafirisha. Kazi nyingine za mwezi, tenki, vituo, mahudhurio ya vijana, zinakuja baadaye. Hapa ndipo jibu la fundi wetu lilipo. Mkubwa anayeombwa shilingi 3,600,000 mstari wa pili hafungi simu. Anashuka kutafuta kwa nini, na akishuka anaikuta kazi ya mwezi mzima ikiwa imebeba ombi lile. Taarifa yangu ya Oktoba haikumpa sababu ya kushuka.

Sehemu ya mwisho, hatua zinazofuata, ndiyo inayoandikwa vibaya kuliko zote. Wengi hurudia ombi lile lile kwa maneno mengine, au huandika "kuendelea na uchimbaji." Mahali pake ni kuonyesha njia mbili. Kibali kikitoka, msimamizi anakodi kijiko tarehe 23, kinaanza mbugani tarehe 28, kinamaliza tarehe 30, na kila kipande kinafukiwa siku hiyo hiyo kinapolazwa bomba. Kibali kisipotoka, vijana wanamaliza mita 750 za udongo wa kawaida, hakuna mtaro unaofunguliwa mbugani, na mabomba yaliyobaki yanarudishwa stoo. Njia hiyo ya pili peke yake ingeokoa zile mita 340, hata kama hakuna shilingi ambayo ingetoka.

Wanaoutetea mpangilio wa zamani wana hoja, na baadhi yake nzito. Mzee mmoja niliyefanya naye kazi Kigoma aliniambia kwamba habari mbaya ikitangulia, msomaji anatafuta wa kulaumiwa kabla hajajua yaliyotokea. Ni kweli, nimeona. Mwandishi wa chini akianza na "tumechelewa", sababu zinazofuata zinasomeka kama visingizio hata zikiwa za haki. Adabu yetu pia haianzi na kishindo. Ukimuuliza mtu habari za nyumbani atasema njema, kisha ndipo aseme "ila." Lakini adabu hiyo hiyo ina mlango mwingine. Unyamwezini ukipigwa mwano, yowe la kuomba msaada, watu hawasubiri salamu. Wanataka kujua ni nini na ni wapi, wanakimbia, na kisa chenyewe kinasimuliwa baadaye moto ukishazimwa. Taarifa yenye tarehe ya mwisho ndani yake iko karibu zaidi na mwano kuliko na salamu.

Hoja ya mkaguzi nayo naikubali. Anayechunguza baadaye kwa nini bomba liling'olewa anataka tarehe kwa mfuatano, na maelezo yaliyopangwa kwa uzito yatamchosha. Dawa yake ni kuambatisha daftari la kazi la kila siku mwishoni mwa taarifa. Agosti 1940, katikati ya vita, Winston Churchill aliwaandikia watumishi wa serikali ya Uingereza kwamba hoja kuu ziwekwe katika aya fupi, na uchambuzi mrefu na takwimu ziende kwenye kiambatisho. Hakuagiza zitupwe.

Kuna kosa moja ambalo muhtasari wenyewe unalizalisha, na wanaoupenda hawalisemi vya kutosha. Kwa kuwa unakaa juu, mtu anakopi wa mwezi uliopita, anabadilisha maelezo na kusahau namba za juu. Juu panasomeka mita 4,350, chini 4,610. Anayegundua hilo haamini tena namba yoyote. Kabla ya kutuma, kila namba ya juu itafutwe chini mpaka ionekane ilivyo. Kisha mpe mtu asiyeujua mradi ile mistari ya juu tu, umuulize kesho asubuhi angefanya nini kama angekuwa mhandisi. Akisema "ningewapongeza", bado hujaandika muhtasari.

Mahali ambapo bado nasita ni pale chanzo cha tatizo hakijajulikana. Pampu ya jua inapoacha kutoa maji, inaweza kuwa paneli, waya, pampu yenyewe, au maji ya kisima yameshuka chini ya pampu. Ukilazimisha hitimisho mstari wa kwanza, utaandika "pampu imeungua", na ofisi itaagiza pampu mpya kabla mtu hajashusha kamba kupima kina cha maji. Katika taarifa ya namna hiyo mstari wangu wa juu husema kwamba maji yamekatika tangu tarehe fulani na chanzo hakijajulikana, kisha maelezo yanafuata mpangilio wa vipimo kama vilivyofanyika, kimoja baada ya kingine. Hatua inayofuata ni kipimo kilichobaki, nani atakipima, na siku gani.