Lori limekwama Makambako, nani asaini?

Chukua mfano wa kubuni, ingawa kila aliyefanya kazi kwenye kampuni ya usafirishaji atautambua. Ijumaa saa kumi jioni, lori lenye mzigo linalotoka Dar es Salaam kwenda Tunduma linaunguza klachi karibu na Makambako. Fundi wa pale anasema seti nzima ibadilishwe: spea shilingi 2,400,000, ufundi shilingi 300,000. Kampuni ina malori 40 na ngazi za idhini zilizoandikwa vizuri tu. Mkuu wa karakana anaidhinisha mpaka shilingi 500,000, meneja wa uendeshaji mpaka 3,000,000, mkurugenzi wa fedha mpaka 15,000,000, na zaidi ya hapo ni mkurugenzi mkuu.

Kwa ukomo huo, ununuzi wa 2,700,000 unamhusu meneja wa uendeshaji peke yake. Lakini utaratibu unadai zaidi ya saini yake. Mkuu wa karakana ajaze maombi ya manunuzi, afisa manunuzi atafute bei kwa wauzaji watatu, mhasibu athibitishe kuwa bajeti ya matengenezo bado ina fedha, kisha ndipo maombi yamfikie meneja. Ijumaa jioni mhasibu keshaondoka. Maombi yanapata saini ya mwisho Jumatatu saa nne asubuhi.

Tuseme lori likisimama linaigharimu kampuni shilingi 450,000 kwa siku, ukijumlisha marejesho ya mkopo, bima, posho ya dereva na safari inayopotea. Hiyo ni shilingi 18,750 kwa saa. Kutoka Ijumaa saa kumi jioni mpaka Jumatatu saa nne asubuhi ni saa 66, yaani shilingi 1,237,500. Sasa weka upande wa pili wa mizani: bei za wauzaji watatu zingeweza kushusha bei ya spea kwa asilimia 10, sawa na shilingi 240,000. Faida hiyo inamezwa yote lori likisubiri saa 13 tu. Watu wa uendeshaji wana hoja, na hoja yao ina hesabu.

Hata hivyo idara ya fedha nayo si ya kubezwa, maana inajua jambo ambalo karakana hupenda kulisahau: haraka ndiyo mlango unaopendwa na mtu anayetaka kula. Spea iliyonunuliwa barabarani haipiti stoo, hakuna aliyeiona ikifungwa isipokuwa fundi na dereva, na bei hutajwa kwa simu. Kuna pia hasara isiyohitaji mwizi. Ikiwa kampuni imesajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani na ile seti ya 2,400,000 bei yake ina kodi ndani, basi kodi hiyo ya asilimia 18 ni kama shilingi 366,000. Fedha hizo kampuni inaweza kuzidai kwenye ritani yake iwapo ina risiti ya EFD yenye jina lake na namba yake ya mlipakodi. Fundi akinunua kwa fedha taslimu na kurudi na karatasi ya mkono, zimepotea. Kipande kimoja cha karatasi kina thamani kuliko akiba yote iliyotarajiwa kwenye zile bei tatu. Nashangaa ni taratibu ngapi zinazong'ang'ania bei tatu na kusamehe risiti.

Hapo ndipo ninapoachana kidogo na pande zote mbili. Ugomvi wao huwa juu ya idadi ya saini, au juu ya ukomo upandishwe mpaka ngapi. Ukifungua maombi yaliyochelewa na kusoma saa iliyoandikwa kwenye kila hatua, mara nyingi utakuta kila mtu alitumia dakika chache kufanya kazi yake, na muda uliobaki wote ni maombi kumsubiri mtu ambaye hayupo. Katika mfano wetu, kumpandishia mkuu wa karakana ukomo kutoka 500,000 mpaka 3,000,000 kungemaliza tatizo la Ijumaa hii, lakini kungemwachia fungu kubwa siku zote, hata zile 300 na ushee ambazo hakuna lori lililokwama. Dawa ni kali kuliko ugonjwa.

Kinachofaa ni njia ya pili ya idhini, fupi, yenye ukomo wake na masharti yake. Kwa maombi ya haraka, kukagua bajeti kufanyike baada ya ununuzi, kwa kukata kwenye fungu la dharura lililotengwa mwanzoni mwa mwezi. Fungu likiisha, njia inafungwa mpaka mkurugenzi wa fedha aifungue. Bei za wauzaji watatu ziondoke, mahali pake ibaki orodha ya maduka ya spea yaliyokwisha kukaguliwa kwenye miji ya njiani: Morogoro, Iringa, Makambako, Mbeya. Meneja aidhinishe kwa simu, ndani ya mfumo, ili saa na jina vibaki. Ujumbe wa kawaida wa simu pia si haramu, ilimradi mtu aubandike kwenye maombi kabla siku haijaisha.

Na meneja asipojibu? Baadhi ya mifumo huruhusu maombi yajiidhinishe yenyewe muda ukipita. Wanaoitetea njia hiyo wanasema inamlazimisha bosi awe macho. Mimi naona inamfundisha kinyume: bosi anayeogopa kuwajibika atajifunza kunyamaza, mali itanunuliwa, na jina lake halitaonekana popote. Afadhali maombi yapande ngazi. Saa moja bila jibu yaende kwa kaimu wake, saa nyingine moja yaende kwa mkurugenzi wa fedha. Kaimu aandikwe kabla ya likizo, pamoja na kiwango chake cha fedha, na sheria moja isiwe na msamaha: aliyeomba haidhinishi, hata kama leo yeye ndiye kaimu. Mwanya huu hauonekani kwa urahisi. Mkuu wa karakana anapomkaimu meneja, maombi aliyoyajaza asubuhi humrudia mwenyewe mchana ayasaini.

Kuna mambo matatu ambayo njia fupi isiyaguse kamwe. Malipo yaende moja kwa moja dukani, kwa Lipa Namba au benki, yasipitie mfuko wa fundi wala dereva. Risiti ya EFD ipigwe picha kabla lori halijaondoka. Na spea ya zamani irudi karakana na lori, ikiwa na namba ya maombi imeandikwa juu yake. Pleti iliyoungua haidanganyi, na kuirudisha hakumcheleweshi mtu hata dakika moja.

Swali gumu ni nini kihesabike kuwa dharura. Sheria ya Kenya ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015, kifungu cha 103, inaruhusu kununua moja kwa moja kunapokuwa na haja ya haraka, lakini kwa sharti kwamba taasisi haikuweza kuiona haja hiyo mapema, wala haikuisababisha kwa uzembe wake. Kwa fedha za umma sharti hilo lina mantiki, kwa sababu bila hilo kila ofisi ingelala mpaka Juni kisha ipige kelele za dharura. Likiletwa kwenye kampuni ya malori linaumiza. Huenda ile klachi ilianza kuteleza wiki mbili kabla na karakana ikapuuza. Ni uzembe, naam, lakini lori bado liko Makambako na mteja bado anasubiri mzigo wake. Kukataa ununuzi kwa kosa hilo ni kumwadhibu mteja. Kwa hiyo ningepima dharura kwa matokeo peke yake: je, kuna gari lenye mzigo lililosimama, au mtu aliye hatarini? Uzembe uulizwe Jumatatu, kwenye kikao kingine, kwa rekodi za matengenezo. Anayesema mgawanyo huu unalea uvivu ana sehemu ya ukweli, na ndiyo maana dharura za kila lori zihesabiwe kila mwezi. Lori moja likirudi mara tatu, swali linamhusu mkuu wa karakana.

Kifungu cha 54 cha sheria hiyohiyo kinakataza kuvunja ununuzi vipande ili kukwepa utaratibu. Kwenye kampuni binafsi alama yake huonekana mapema ukiwa na macho: maombi ya 480,000, 490,000, 495,000, yote kwa duka moja, yote chini kidogo ya ule ukomo wa 500,000. Jibu rahisi ni kuufanya mfumo ujumlishe, ili ukomo upimwe kwa manunuzi yote ya lori moja ndani ya siku saba badala ya ombi mojamoja. Tatizo ni kwamba matengenezo ya kweli nayo huja vipande vipande. Fundi anafungua gia boksi kubadilisha klachi, anakuta na beringi imekwisha. Mfumo unaojumlisha bila akili utamzuia hapo, gari likiwa limefunguliwa chini ya mti. Njia ya kati ni kuidhinisha tukio: meneja anapokubali 2,700,000 anaruhusu pia nyongeza ya asilimia 15, yaani 405,000, kwa namba ileile ya tukio na kwa gari lilelile. Jumla inakuwa 3,105,000, juu kidogo ya ukomo wake, kwa hiyo utaratibu useme wazi kwamba nyongeza hiyo inaruhusiwa na kwamba mkurugenzi wa fedha anaarifiwa palepale.

Jambo linalosahauliwa na karibu kila anayechora njia hii ni siku ya pili. Idhini ya baada ya ununuzi, tuseme ndani ya siku mbili za kazi, inawezaje kukataliwa wakati klachi imeshafungwa na lori liko Tunduma? Kama jibu ni kumkata mkuu wa karakana mshahara, hatatumia tena njia ya haraka. Atasubiri mpaka Jumatatu na hutamlaumu. Kama jibu ni kwamba haiwezi kukataliwa, basi si idhini, ni muhuri. Ningeandika hivi: aliyefuata masharti ya duka, malipo, risiti na spea ya zamani analindwa hata kama bei ilikuwa mbaya, na asiyeyafuata anajibu mwenyewe. Mkaguzi wa ndani anapata kitu cha kupima, na mtu wa karakana anajua amesimama wapi.

Sehemu kubwa ya haya ingeweza kuepukwa kwa mikataba ya bei. Klachi, matairi, vichujio na betri hujulikana mwaka mzima, na kampuni inaweza kuwashindanisha wauzaji mara moja, ikakubaliana bei ya miezi sita, ikaacha siku ya tukio swali moja tu: je, lori hili linaihitaji? Idara ya fedha inaupenda mpango huu, na kwa haki. Kikomo chake ni bei za spea za nje, ambazo hufuata dola. Shilingi ikishuka katikati ya mkataba, muuzaji wa Makambako ghafla hana seti ya klachi dukani, ingawa mteja wa fedha taslimu akiingia anaipata. Mkataba usio na kipengele cha kurekebisha bei utakufa kimya kimya, na maombi yatarudi kwenye foleni ya dharura.