Yaya wa kutwa ana nyumba yake, na ujumbe wa kumtafuta uandikwe hivyo

Ujumbe wangu wa kwanza wa kutafuta yaya niliutuma katika kundi la akina mama wa mtaa wetu hapa Migosi, Kisumu, na ulikuwa na mistari miwili tu: "Natafuta yaya wa kutwa, mpole, mchapakazi, anayependa watoto. Mshahara ni wa kuelewana." Kufikia jioni nilikuwa nimepewa nambari kumi na moja, na dada niliyemchagua alikaa nasi wiki saba. Hakuiba kitu wala hakumwinulia mtoto mkono. Aliacha kazi kwa sababu sikuwahi kumwambia saa ya kuondoka, na siku nyingi nilikuwa nikifika nyumbani saa moja u nusu usiku na kumkuta ameketi kwenye kibaraza, mkoba begani, mtoto wangu amelala mapajani mwake, ilhali watoto wake wawili walikuwa Nyalenda wakimsubiri awapikie.

Tangu hapo nimeshikilia kwamba ujumbe wa kumtafuta yaya anayelala kwake hauwezi kuwa sawa na wa yule anayelala kwako. Huyu wa kutwa ana mlango wake wa kufunga na kodi ya kulipa, ana njia ya kupita asubuhi na jioni, na mara nyingi ana watoto wake. Mambo hayo ndiyo yanayopaswa kuamua saa, mshahara na kazi utakazoandika, nayo ndiyo tunayoyaacha nje.

Mwanzo wa yote ni saa ya kuondoka. Sisi waajiri huandika saa ya kuingia kwa uangalifu kwa kuwa tunaogopa kuchelewa kazini, kisha ile ya kutoka tunaimaliza kwa maneno "hadi tutakaporudi". Hapa Kisumu giza huingia mapema, kwani jua huzama kati ya saa kumi na mbili u nusu na saa moja kasoro mwaka mzima. Mwanamke anayetoka Migosi saa moja u nusu, akabadilisha gari Kondele na kumalizia safari kwa miguu, anatembea gizani, na wakati wa mvua ya masika anatembea gizani ndani ya matope. Kwa hiyo kabla ya kuandika ujumbe wa pili, mume wangu nami tuliandika kwenye daftari, kwa wiki mbili, saa halisi ambayo mmoja wetu alifika nyumbani. Tulikuwa tukijidanganya kwamba ni saa kumi na moja, lakini daftari lilionyesha kwamba siku tatu kati ya tano ilikuwa saa kumi na mbili kasorobo au zaidi. Tulilazimika kupanga upya: yeye sasa huondoka kazini mapema Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, mimi siku mbili zilizobaki. Usipofanya hesabu hii kwanza, saa utakayoiandika itavunjika katika wiki ya kwanza.

Tulichoandika ni saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, pamoja na saa moja ya mapumziko mtoto anapolala mchana, na Jumamosi hadi saa saba mchana. Hizo ni saa tisa za kazi kwa siku tano na saa sita za Jumamosi, jumla saa 51, wakati kikomo cha kanuni za mishahara nchini ni saa 52 kwa siku sita, na siku ya saba ni ya kupumzika.

Kuhusu malipo, kuna dhana moja ninayoisikia kila mara na ambayo naipinga kabisa, kwamba yaya wa kutwa alipwe kidogo kwa kuwa "halali hapa wala hali chakula cha usiku". Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kinyume chake, kwa kuwa inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi makazi yanayofaa au amlipe kiasi cha kumtosha kupanga nyumba. Anayelala kwako umeshampa chumba. Anayelala kwake hujampa, kwa hiyo unadaiwa posho ya nyumba, ambayo kwa kanuni hizo za mishahara ni asilimia 15 juu ya mshahara wa msingi. Agizo lililoanza kutumika tarehe 1 Novemba 2024 liliweka kima cha chini cha kundi la vibarua wa jumla, ambamo yaya wa watoto ametajwa waziwazi, kuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi katika jiji kama Kisumu, bila kuhesabu nyumba.

Sisi tuliandika mshahara wa msingi wa shilingi 16,500 na posho ya nyumba ya shilingi 2,475, jumla shilingi 18,975. Tuliandika pia kiasi kitakachofika mkononi, kwa sababu hapo ndipo ugomvi wa mwisho wa mwezi huzaliwa. Mchango wake wa NSSF, ule wa bima ya afya ya SHA na ushuru wa nyumba kwa pamoja huchukua karibu shilingi 1,945, na kwa mshahara huo hadaiwi kodi ya mapato, basi yeye hupokea takriban shilingi 17,030 kwa M-Pesa. Nasi tunaongeza sehemu yetu ya NSSF na ya ushuru wa nyumba, na gharama yetu inapita kidogo shilingi 20,000. Najua familia nyingi hapa haziwezi kufika hapo, na siwalaumu kwa mapato yao. Ninachowaomba ni wapunguze siku au wagawane yaya na jirani, badala ya kununua saa sitini kwa shilingi elfu nane na kuandika "ya kuelewana" mahali pa tarakimu. Mwenye shida ya kazi anapoambiwa waelewane, hana cha kupinga nacho.

Kuchelewa nako kulipata bei yake. Kanuni zinagawanya mshahara wa msingi wa mwezi kwa 225 ili kupata malipo ya saa moja, na saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu. Kwa shilingi 16,500, hiyo ni shilingi 110 kwa kila saa, nasi tuliongeza kwamba ikipita saa kumi na mbili jioni tutamlipia bodaboda hadi mlangoni pake.

Kwenye majukumu nitapita haraka, isipokuwa kwa jambo moja. Tuliandika kwamba kazi ni kumlea mtoto wa mwaka mmoja na miezi minne: kumpa uji na chakula cha mchana, kumwogesha, kumlaza, kucheza naye, kufua nguo na nepi zake, na kumpokea dada yake wa miaka sita basi la shule linapomshusha saa tisa u nusu. Asimpe mtoto dawa yoyote, hata ya homa, kabla ya kutupigia simu. Kisha tukaandika yasiyo kazi yake: kufua nguo za watu wazima, kupiga deki nyumba nzima na kupika chakula cha jioni. Nguo zetu anazifua mama fua anayekuja Jumamosi. Mstari huo wa yasiyo kazi yake ndio nisingekubali ufutwe. Mtoto wa umri huo ndiyo kwanza anajua kufungua makabati na kupanda viti, na yaya aliyeinama kwenye beseni la mashuka ya watu wanne hawezi kumwona.

Linabaki suala la kuulizia kazi za awali. Tulisema ndani ya ujumbe wenyewe kwamba tutawapigia simu waajiri wawili wa zamani, na kwamba tutahitaji cheti cha maadili mema kutoka DCI, ambacho huombwa kupitia eCitizen kisha alama za vidole zikachukuliwa, na gharama yake ya shilingi 1,050 tutailipa sisi kwa yule tutakayemteua. Kumtaka mtu asiye na kazi alipe fedha hizo kabla hata hajaonana nawe si haki. Nakala ya kitambulisho tuliomba iletwe siku ya mahojiano. Nimeona watu wakitaka vitambulisho vitumwe katika kundi la watu mia mbili, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haikutungwa kwa ajili ya mashirika makubwa peke yake.

Cheti hicho kinaonyesha kama mtu ana rekodi ya uhalifu, wala hakikwambii kama ana subira mtoto anapokataa kula. Hilo utalipata kwa simu, na simu nyingi hupigwa vibaya. Ukiuliza, "Ni kweli alikulelea mtoto wa miaka miwili?" umeshampa jibu yeyote aliyeshika simu upande wa pili. Mimi huanza kwa kukaa na mwombaji na kuandika anachoniambia: umri wa mtoto alipoanza, saa aliyokuwa akifika, mwezi alioacha na sababu yake. Kisha nampigia mwajiri na kuuliza hayohayo bila kumwonyesha nilichonacho: "Mtoto alikuwa na umri gani alipoanza? Alikuwa akifika saa ngapi? Siku aliyochelewa, alikuarifu vipi?" Mwajiri wa kweli hukumbuka mambo madogomadogo, hata yale yaliyomuudhi. Wa kubuni hukimbilia sifa.

Safari hii dada mmoja aliniambia alilea mapacha Mamboleo kwa mwaka mzima. Niliyempigia simu alimsifu sana, kisha akaniambia mtoto alikuwa mmoja, wa kike, "anaanza kutembea". Nilipomuuliza dada huyo, alinyamaza, halafu akakiri kwamba ile ilikuwa nambari ya binamu yake, kwa sababu bosi wake wa zamani alibadilisha laini na hakumwachia hata karatasi. Sikumwajiri, kwa kuwa siwezi kumwachia mtoto mtu aliyeniandalia shahidi wa uongo, lakini maelezo yake yalinikaa moyoni. Sheria inamtaka mwajiri ampe cheti cha utumishi mfanyakazi aliyemtumikia wiki nne au zaidi, na ni wangapi kati yetu tumewahi kuandika kimoja? Ndiyo maana niliongeza sentensi moja kwenye ujumbe: asiyeweza kumpata mwajiri wa zamani aseme hivyo wazi, na alete jirani wa plotini kwa mwajiri huyo, au mwalimu wa mtoto aliyemlea.

Tuliyemchukua alikuja na waajiri wawili, na majibu yao yalilingana na daftari langu, hata lile la kwamba aliwahi kukosa kazi siku mbili bila kuarifu alipofiwa. Simu ya mwisho niliyopiga kabla ya kuandika mkataba ilikwenda kwa yule dada wa Nyalenda aliyetuacha baada ya wiki saba. Nilimwomba ruhusa nimpe yaya mpya nambari yake, ili naye atuulizie sisi. Alikubali, kwa sharti kwamba ataeleza ukweli wote kuhusu zile saa. Nilimwambia aeleze.