Niliacha kuku wa nyama banda likiwa tupu

Kwa karibu miaka miwili nilifuga kuku wa nyama nyuma ya nyumba yetu Chamazi, mia mia kwa mkupuo, huku nikiendelea na ajira yangu. Majirani waliniita mjasiriamali. Siku ya kuuza nilishika zaidi ya laki sita taslimu, na mtu akishika laki sita huwa hana hamu ya kuuliza ngapi kati ya hizo ni zake.

Mkupuo wa saba ndio niliamua kuandika kila kitu kwenye daftari la mwanangu lililobaki kurasa. Vifaranga 100 kwa shilingi 1,800, yaani 180,000. Chakula mifuko sita ya kilo 50, kila mmoja 65,000, jumla 390,000. Mkaa wa kuwapasha joto, maranda ya kutandika, chanjo za kideri na gumboro, vitamini na bodaboda, vyote pamoja 56,000. Jumla 626,000. Walikufa sita, jambo la kawaida kabisa, wakauzwa 94 kwa 7,000 kila mmoja: 658,000. Nilibaki na 32,000.

Elfu thelathini na mbili kwa wiki tano. Kila siku nilitumia kama saa mbili, asubuhi kabla ya kazi na jioni nikirudi: kuosha vyombo vya maji, kupima chakula, kugeuza maranda yaliyoloa. Sihesabu zile usiku za wiki ya kwanza, za kuamka kuangalia kama vifaranga wamejirundika chini ya jiko kwa baridi au wamekimbilia pembeni kwa joto. Saa 70 kwa uchache. Gawanya, unapata kama shilingi 450 kwa saa, ambayo haikufikishi mjini kwa daladala.

Bado hilo halikunitoa. Kilichonitoa ni kuelewa faida ile inakaa mikononi mwa nani. Kuku wa nyama akifika wiki ya tano, kila siku anayobaki bandani anakula kama gramu 150. Kuku 94 wanamaliza kilo 14, na kwa bei ya mfuko ule ni kama shilingi 18,000 kwa siku. Kweli uzito unaongezeka, lakini mnunuzi wangu alilipa kwa kichwa, si kwa kilo. Kwa hiyo akinipigia, "Bosi, soko limelala, nitapita keshokutwa," zile siku mbili zinagharimu 36,000. Faida yote imeliwa, tena na kuku wenyewe. Naye anajua. Akija siku ya tatu akataja 6,500, mwenye haraka ni nani?

Wengi waliniambia niongeze idadi, nifuge 300, kwa kuwa saa za kazi haziongezeki mara tatu. Hilo ni kweli, na kwa mwenye mteja wa uhakika, mathalani mwenye hoteli anayechukua kuku kila wiki kwa bei mliyokubaliana, ningemshauri hivyo hivyo. Mimi sikuwa naye. Ningekuwa nimeongeza kuku wanaokula 54,000 kwa siku wakimsubiri mtu yule yule.

Kuhusu muda wa kuacha, hapa ndipo naona watu wengi wanakosea, na mimi nilikosea mara mbili. Niliwahi kukata tamaa vifaranga wakiwa na wiki tatu, nikataka kuwauza wote kwa hasara. Shemeji yangu, ambaye hajawahi kufuga hata bata, ndiye aliyenizuia: "Shemeji, za nyuma zimeshaliwa. Piga hesabu ya zilizobaki." Kila kuku alikuwa amebakiza kula kilo mbili hivi, shilingi 2,600, na angeuzwa 7,000. Kuendelea kulikuwa na maana, hata kama kuanza hakukuwa nayo.

Wakati banda ni tupu hesabu inageuka, maana shilingi zote 626,000 bado ziko mfukoni. Shida ni kwamba banda langu halikuwahi kuwa tupu kichwani. Vifaranga huwekewa oda mapema, na nilikuwa nalipia oda mpya kabla sijauza wa zamani, ili eti banda lisikae bure. Uamuzi wa kuendelea ulifanyika wiki ambayo sijajua hata nimepata nini. Na banda lenyewe lililonigharimu 450,000 lilinitia aibu kuliacha, kana kwamba kufuga tena kungeirudisha ile pesa.

Safari hiyo sikulipia oda. Niliuza, nikasafisha, nikakaa na daftari wiki mbili. Wakala wa vifaranga akapiga: "Mzee, nikuandikie mia kama kawaida?" Nikamwambia asiandike. Vyombo vya maji na vya chakula nilimuuzia kijana wa mtaa wa pili, nikamwonyesha na ile kurasa. Akaisoma, akaniuliza yule mnunuzi namba yake ni ipi.