Jogoo wa herufi 131

Wiki 3 nilizokaa Hinge, app ya kutafuta wachumba, nilipata ujumbe 4. Watu watatu waliandika "mambo". Wa nne aliandika "mambo vipi", huyo nikamwona mwenye juhudi.

Dada yangu, aliyenitangulia kuzaliwa na hajawahi kuniacha nisahau, aliniomba simu aangalie. Mle unachagua maswali 3 kutoka kwenye orodha yao, unayajibu, na majibu yanakaa katikati ya picha zako. Mimi kwenye Typical Sunday, yaani Jumapili yako huwaje, nilijibu: "Kanisani, kupumzika, mpira." Kwenye Best travel story, hadithi yako bora ya safari, nilijibu: "Zanzibar, ilikuwa poa sana."

"Mdogo wangu," akasema, "hiki umejaza fomu ya sensa."

Akanieleza jambo ambalo wiki zote hizo sikuwa nimeling'amua. Mtu akikupenda mle hapendi wasifu mzima. Anabonyeza moyo kwenye picha moja au jibu moja, na hapo hapo anapewa nafasi ya kuandika neno. Kwa hiyo jibu lako ndilo linalompa la kusema. Ukimwambia "Zanzibar, ilikuwa poa sana", atakuuliza nini? Hoteli bei gani? Anaona uvivu, anaandika "mambo", mnaanza kusalimiana kama majirani wasiopendana.

"Weka kisa," akasema. "Kidogo, cha kweli, cha mahali panapojulikana. Weka yule jogoo."

Jogoo huyo mama alinitumia kwa basi kutoka Morogoro, nikampokea stendi ya Mbezi ndani ya boksi la mafuta ya kupikia, nikapanda naye daladala. Nikakaa chini kuandika. Nilianza vizuri, kwa adabu: mama yangu mzazi anaishi Morogoro, ni mfugaji wa siku nyingi, na kila inapokaribia sikukuu huwa na desturi ya kuwakumbuka watoto wake walioko mjini. Kisanduku kikagoma. Kinapokea herufi 150 tu, na nafasi kati ya maneno nazo zinahesabiwa. Nafasi zangu ziliisha jogoo bado yuko Morogoro.

Hapo ndipo wengi tunapokwama. Tunasimulia kama tuko barazani na chai iko jikoni, wakati herufi 150 ni pumzi moja. Dada akafuta mama mfugaji, sikukuu na desturi. Akaniuliza: jogoo alifanya nini, wapi, na nani alisema nini? Tukabaki na hiki:

"Nilimpakia jogoo wa mama kwenye daladala, Mbezi kwenda Ubungo. Kufika Kimara akawika. Konda akasema: huyo mwenye sauti alipe nauli."

Herufi 131. Nikaona kuna nafasi imebaki, nikaongeza "Nikalipa." Dada akanipiga kofi la mkono. "Ukishalipa, atakuuliza nini? Muache konda amesimama hapo na mkono wazi." Nikafuta. Na kweli, kabla ya wiki kuisha watu 5 walikuwa wameniuliza neno lile lile: "Ulilipa?" Neno moja tu, lakini lina mlango. Najibu, naye anakumbuka mbuzi wa shangazi yake kwenye pantoni ya Kigamboni, mazungumzo yameshaanza.

Jumapili nayo ikarekebishwa: "Nikitoka kanisani nanunua chapati 4. Nyumbani zinafika 3. Dada anadhani muuzaji ni mwizi." Nilikuwa nimetaja na jina la kanisa, na kona anapokaa muuzaji. Dada akaviondoa, maana kisa kinahitaji chapati, hakihitaji ramani ya kumwonyesha mtu usiyemjua ulipo kila Jumapili saa 4 asubuhi. Swali la tatu nililijibu mwenyewe kwa siri, utani wa kazini kwetu kuhusu mashine ya kutolea nakala. Hakuna aliyeugusa hadi leo. Kisa kinachohitaji kwanza umfahamu bosi wangu si kisa cha wageni.

Basi, Alhamisi usiku moyo ukabonyezwa kwenye jogoo, ukiwa na maneno haya: "Boksi la mafuta ya kupikia?"

Nikashtuka kwa furaha. Boksi sikuwa nimeliandika. Nikajiambia, huyu mtu ana karama, nyota zetu zimekutana. Nikajibu: "Umejuaje!" na emoji tatu za kucheka.

"Jogoo mwekundu?"

"Mwekundu kabisa!"

"Na wewe ulikuwa umesimama, ukamwomba dada mmoja aliyekaa akushikie boksi?"

Vidole vikapoa. Kwa sababu kuna sehemu ya kisa ambayo si herufi 150 zilizoikata. Niliikata mimi. Daladala ilikuwa imejaa, nami nikafanya kama tunavyofanya wote: "Dada, samahani, naomba unishikie." Akalipokea boksi, akaliweka mapajani bila kuuliza kuna nini, huenda akidhani ni vyombo. Kimara likawika. Abiria walicheka, yeye akacheka pia kwa ustaarabu. Kilichotokea kati ya Kimara na Ubungo ni kwamba mama alitoboa matundu ya hewa, na baadhi aliyatoboa chini. Nilipolichukua boksi Ubungo niliona sketi. Nikasema "asante dada" nikiwa tayari nimeshaweka mguu mmoja barabarani.

"Sketi ya bluu," akaandika. "Nilikuwa naenda kwenye usaili."

Nikaandika pole. Nikafuta. Nikaandika shikamoo. Nikafuta, tunalingana umri. Wakati nahangaika akaongeza: "Halafu konda hakusema alipe nauli. Alisema nani amepanda na saa ya ukutani."

Alikuwa sahihi. Yale maneno ya nauli niliyachonga mwenyewe yakae vizuri. Sikuwa nimefikiria kwamba kisa cha kweli, ukikitajia daladala na kituo, kina mashahidi, na mashahidi nao wanatafuta wachumba. Aliyeandika "Zanzibar, ilikuwa poa sana" hawezi kukamatwa na mtu.

Nikamwita dada yangu. Alisoma yote, akanitazama muda mrefu. "Uliniambia konda ndiye aliyemshika jogoo."

"Nilikosea kukumbuka."

"Mwulize kazi alipata?"

Alipata. Alisema aliingia kwenye usaili na mkoba umefunika paja la kushoto saa nzima, wakamwona mtulivu. Dobi alimtoza 3,000 na doa halikutoka. Nikamtumia 3,000 usiku ule ule, nikaongeza ya kutolea. Akajibu: "Na sketi?"

Tulikutana Jumamosi Kariakoo, si kwa chakula wala kwa matembezi. Tulikuwa tunatafuta kitambaa cha bluu kinachofanana. Alinipitisha maduka 6. La sita muuzaji akauliza kama ni cha sare ya harusi, yeye akasema hapana, ni cha fidia.

Jioni nikafungua simu, nikakuta amebadilisha jibu lake. Lilikuwa limeandikwa "Napenda kusafiri." Sasa, kwenye Best travel story:

"Daladala ya Mbezi. Kijana kaomba nimshikie boksi. Kimara likawika. Ubungo likavuja. Nilikuwa naenda kwenye usaili."

Nikazihesabu. 114. Hakutaja kama alipata kazi, na hadi Jumapili jioni watu 23 walikuwa wameshamuuliza.