Anataka Ukweli Mtupu, na Anautaka Usiku Huu

Ujumbe wenyewe ulianza kwa shikamoo, ukaulizia hali ya mama na watoto, ukanikumbusha kwamba anayeandika ni yule binti aliyefanya mafunzo kwa vitendo pale kwetu kwenye uchapaji, Kariakoo, na ndipo ukaingia kwenye shida: "Mwalimu, naomba unipitie potifolio yangu ya kuhitimu uniambie ukweli mtupu, usinionee haya hata kidogo." Chini yake lilikuja faili la kurasa 46, zito kiasi cha kumaliza kifurushi changu cha intaneti chote, na chini ya faili ukawapo mstari mmoja mfupi ambao ndio uliostahili kutangulia: kazi inawasilishwa mbele ya wakufunzi kesho, saa tatu asubuhi.

Mimi watu wanaoomba ukweli mtupu nawajua. Huyu ni sawa na mpishi anayekuuliza kama chumvi imekolea wakati wageni wameshanawa mikono. Tena hakusema ni jambo gani linalomtia shaka, wala ni nani watakaoitazama kazi, wala kwa muda gani. Ilibidi nimuulize mwenyewe, akajibu kwamba amepewa dakika 10. Nikapiga hesabu: dakika 10 kwa kurasa 46 ni kama sekunde 13 kwa ukurasa, yaani mkufunzi akipiga chafya moja, jalada limeshampita.

Basi nikaanza kufungua. Ukurasa wa pili una vimstari vya rangi vinavyoeleza ujuzi wake, kwamba programu ya picha anaijua kwa asilimia 90 na ubunifu kwa asilimia 95, nami hadi sasa najiuliza ni nani aliyempima, kwa mizani ipi, na zile asilimia tano za ubunifu zilizopungua zimebaki wapi. Baada ya hapo inakuja nembo ya mgahawa wa kahawa ambao haupo. Mgahawa haupo, kahawa haipo, mteja hayupo, lakini aproni ya mhudumu ipo, kikombe kipo, mfuko upo na kibao cha mlangoni kipo, vyote vikiwa ni mokapu, zile picha zilizopigwa na mtu mwingine ambazo wewe kazi yako ni kubandika nembo tu. Kikombe kimependeza kweli, ila sikupata mahali pa kuona kama nembo hiyo inasomeka ikichapwa ndogo kwenye risiti, na hilo ndilo ambalo mwenye mgahawa wa kweli angeliuliza kwanza.

Nilipofika ukurasa wa 31 nikakaa vizuri kwenye kiti. Hapo ameweka kanga aliyoibuni mwenyewe, yenye pindo, mji na jina kama inavyotakiwa, upana wa sentimita 150 kwa 110, na jina lake ni "Wema hauozi". Tatizo ni kwamba jina hilo amelipanga kwa mwandiko wa kuunganisha, ule wa kadi za harusi, ambamo herufi z inashuka chini ya mstari na kujikunja mkia. Sikutaka kujiamini peke yangu, kwa hiyo nikampa mama watoto simu bila kumweleza chochote, nikamwomba asome. Akaisogeza simu mbali na macho, akaikaribisha tena, akasema, "Wema hauogi? Kwa nini hauogi?"

Watu hudhani maoni ya kitaalamu ni kutaja majina ya herufi na nadharia za rangi, lakini kipimo cha jina la kanga ni hicho tu: mpe msomaji asiyejua lolote, ufunge mdomo, usikilize anachosoma. Kanga nyingi zimeshika herufi kubwa zilizosimama wima kwa sababu jina husomwa na mtu wa nyuma, kwa hatua kadhaa, huku mwenye kanga anatembea. Halafu nembo yake mwenyewe ameiweka kando ya jina, kubwa kuliko jina lenyewe. Hata zile kanga za Mombasa zenye alama ya K.H.E., zinazotangaza kuwa ni "Mali ya Abdulla", humtaja mwenye mali kwa herufi ndogo na kuliachia jina nafasi yake.

Kwenye mji ameweka rangi za machweo, rangi ya chungwa inayoyeyuka polepole hadi zambarau. Kwenye kioo cha simu inavutia, lakini kitambaa kikichapwa kwa fremu za skrini, kila rangi hutaka fremu yake, na rangi inayoyeyuka haina mahali pa kukatwa ili mtu aseme hii inaishia hapa na ile inaanzia pale. Mbaya zaidi, faili la kanga lina pikseli 1,920 kwa upana. Sentimita 150 ni kama inchi 59, kwa hiyo kila inchi ya kitambaa ingepata pikseli 32 hivi, na ukikuza hadi ukubwa wa kweli unaona ukingo wa kila herufi umekuwa ngazi. Jina na pindo vilipaswa kuchorwa kwa vekta, ambayo hubaki na ukingo safi hata ukiikuza vipi.

Nilikuwa nimeshaandika hayo yote kwa hasira ya mtu aliyekosa taarifa ya habari, nikageuza ukurasa wa 34, na pale kwenye kona, picha ndogo kama stempu, nikaona mchoro wake wa penseli. Binti alikuwa amegombana na pindo. Pindo lake lina upana wa sentimita 12 kila upande, hivyo katikati ya kona na kona inabaki sentimita 126 kwa urefu na 86 kwa ufupi. Ua lake la korosho lilikuwa na sentimita 9. Kwenye 126 linaingia mara 14 sawasawa, lakini kwenye 86 linaingia mara tisa na kipande, na hicho kipande ndicho kinachowafanya wengi wakate ua katikati wakidhani hakuna atakayeona. Yeye alilipunguza ua la upande mfupi hadi sentimita 8.6 likaingia mara 10 kamili, tofauti ambayo jicho halishiki, akachora na kona yake yenye ua la pekee linalogeuka bila kukatika. Kazi hiyo ndiyo inayoonyesha kwamba anaweza kuajiriwa, na ameificha kana kwamba ni deni.

Nikamwandikia upya. Nikamwambia aondoe vile vimstari vya asilimia, mgahawa aubakize kwa kurasa mbili, kanga iwe ya kwanza, mchoro wa penseli ujaze ukurasa mzima pamoja na hesabu zake, na jina alipange upya kwa herufi kubwa usiku huu huu, kwani ni kazi ya nusu saa. Rangi za machweo asizibadilishe kwa haraka, bali aseme mwenyewe mbele ya wakufunzi kwamba kwa uchapaji wa skrini angezigawa kuwa rangi tatu bapa, kabla hawajamuuliza. Kuhusu pikseli nikamwambia wazi kwamba hilo haliwezi kurekebishwa kufikia asubuhi, na asithubutu kuichapa kanga hiyo kwa ukubwa kamili.

Ujumbe wangu ulikuwa mrefu kuliko barua ya posa. Akausoma, nikaona anaandika, akaacha, akaandika tena, kisha jibu likaingia: "Asante sana mwalimu, nimeyapokea yote. Ila rangi ya jalada umeionaje?"