Kushuka polepole au kushikilia kwa msaada: kipi kimtangulie anayetafuta pulapu yake ya kwanza?

Mtu ambaye bado hawezi kujivuta hata mara moja mpaka kidevu kivuke bomba hupewa na walimu wa mazoezi ushauri wa aina mbili. Wapo wanaomwambia apande juu kwa stuli, aanze na kidevu kikiwa tayari kimevuka bomba, kisha ajishushe taratibu kadiri awezavyo. Wengine humwambia asimame katikati ya safari, mguu mmoja ukiwa juu ya stuli ili kumpunguzia uzito, na abaki hapo bila kusogea kwa sekunde kadhaa. Kila upande una sababu nzito, na kila upande una kasoro ambayo wafuasi wake huitaja kwa nadra.

Hoja ya wanaotetea kushuka imesimama juu ya jambo lisilo na ubishi katika elimu ya misuli: msuli unaorefuka huku ukiuzuia mzigo humudu uzito mkubwa kuliko ule unaoweza kuuinua. Ndiyo maana mtu asiyeweza kujivuta hata nusu ya njia anaweza kujishusha njia nzima na uzito wake wote, bila mpira wala mkono wa mtu kumsaidia. Anapofanya hivyo, mgongo, mabega, mikono na vidole vyake hubeba mzigo uleule ambao pulapu itadai, katika njia ileile ambayo pulapu itapita. Hakuna mashine ya kuvuta kamba kwa kukaa inayofanana na tendo hilo kwa ukaribu huo, na kwa sababu hiyo ninaamini kwamba kushuka polepole ndiko kunakostahili kuwa mhimili wa programu, ilimradi kuwe kwa kweli kushuka na si kuanguka.

Hapo ndipo kasoro inapojificha. Mazoezi haya hupimwa kwa sekunde, na mtu akitangaza kwamba ameshuka kwa sekunde 8 hudhaniwa kwamba ameifanya kazi yote. Lakini mzigo unaobebwa na mikono hulingana na uzito wa mwili pale tu mwili unaposhuka kwa mwendo usiobadilika. Mwendo ukianza kuongezeka, mikono inabeba pungufu ya uzito huo, na mwili ukiachiwa kabisa mikono haibebi chochote mpaka unaponaswa chini kwa kishindo. Anayening'inia juu kwa sekunde 6 kisha akaporomoka sehemu iliyobaki kwa sekunde 2 ameimarisha theluthi ya juu ya pulapu. Theluthi mbili za chini, ambazo ndizo atakazokutana nazo kwanza siku ya kujivuta, zimepita bila kuguswa. Saa imemsifu kwa kazi ambayo hakuifanya. Kipimo cha maana zaidi ni usawa wa mwendo, na njia rahisi ya kuuona ni kuweka simu pembeni, kurekodi, kisha kutazama ni pembe gani ya kiwiko ambapo mwili unaanza kukimbia.

Kwa wengi mahali hapo ni pale mikono ya juu, kutoka begani hadi kiwikoni, inapokaribia kuwa sambamba na ardhi. Viwiko huwa mbali zaidi na mstari wa uzito wa mwili, na misuli mipana ya mgongo inalazimika kufanya kazi katika hali ngumu. Wengine huporomoka chini zaidi, mikono ikikaribia kunyooka, kwa sababu mabapa ya mabega yao yanapanda kuelekea masikioni na misuli inayopaswa kuyashusha haijazoea mzigo.

Kushikilia kwa msaada kunaingia kama jibu la tatizo hili hasa. Nguvu inayojengwa kwa kushikilia bila kusogea huongezeka zaidi kwenye pembe iliyofanyiwa zoezi na kwenye nyuzi chache za karibu nayo, kisha hupungua kadiri unavyoondoka hapo. Wapinzani wa kushikilia huutaja ukweli huu kama udhaifu, nao wana haki kwa kiasi: anayeshikilia juu tu, kidevu kikiwa juu ya bomba, hatarajiwi kupata nguvu nyingi za kuanzia chini. Hata hivyo sifa hiyohiyo inageuka kuwa faida mtu akijua pembe gani inamshinda, kwa kuwa anaweza kupeleka kazi mahali penye upungufu badala ya kuimwaga kila mahali. Tena kushikilia misuli ikiwa imerefuka, yaani mikono ikiwa imefunguka kuliko kukunjwa, huelekea kueneza faida yake kwenye pembe nyingi zaidi kuliko kushikilia mikono ikiwa imekunjwa sana.

Jeshi la Marini la Marekani linatoa mfano unaofaa kufikiriwa kwa makini. Kwa miaka mingi wanawake wa jeshi hilo walipimwa kwa kuning'inia mikono ikiwa imekunjwa. Alama zote zilipatikana kwa sekunde 70, na saa ilisimamishwa mikono iliponyooka. Ilipangwa kwamba kuanzia Januari 2014 wafanye angalau pulapu 3, lakini mpango huo uliahirishwa kwa sababu zaidi ya nusu ya wanawake waliokuwa wakimaliza mafunzo ya awali mwaka 2013 hawakuzifikia. Si sahihi kusema kwamba tukio hilo lilithibitisha kuwa kushikilia hakufai, maana walikuwa wakipimwa, na mtu anaweza kufaulu kipimo bila ya kukitumia kama zoezi la maendeleo. Linachoonyesha ni kwamba muda wa kuning'inia, ukihesabiwa kwa jumla bila kuangalia mtu alibaki pembe gani, hautabiri vizuri uwezo wa kujivuta kutoka chini.

Tuchukue mfano wa mwanamke mwenye uzito wa kilo 68, anayetumia bomba lililochomelewa kati ya nguzo mbili uani. Anaposhuka anatumia sekunde 7 kwa jumla, lakini video inaonyesha kwamba 5 kati ya hizo zinakwisha kabla mikono ya juu haijalala sambamba na ardhi. Kwa hiyo stuli inawekwa moja kwa moja chini yake, si mbele, na juu ya stuli inawekwa mizani ya kupimia uzito. Mizani ya mshale inafaa zaidi, kwa sababu nyingi za kidijitali hugandisha namba baada ya muda mfupi. Anaweka mguu mmoja juu yake, anakunja viwiko mpaka pembe ileile iliyomwangusha, kisha anapunguza kuukanyaga mpaka afikie kiwango kigumu ambacho bado anaweza kukishikilia kwa sekunde 10 bila pembe kufunguka. Mizani ikisoma kilo 24, mikono yake inabeba takriban kilo 44. Anashikilia hivyo mara 3, akipumzika dakika 2 kati ya mara moja na nyingine, na mwenzake anasoma mizani ili yeye asilazimike kuinamisha kichwa.

Kazi ya mazoezi yanayofuata ni kuishusha namba hiyo kidogo kidogo. Ikifika karibu na kilo 8, anarekodi tena kushuka kwake, na kwa kawaida atakuta kwamba sehemu iliyokuwa ikimtoroka sasa inachukua sekunde zake stahiki. Mahali pa kuporomokea huenda pakahamia chini zaidi. Basi na stuli inahamia huko pamoja naye. Mpangilio huu unamaliza ule ugomvi wa kuchagua njia moja: kushuka kunaonyesha palipo na udhaifu, na kushikilia kunapatibu.

Msaada wa mguu ninaupendelea kuliko mpira unaofungwa kwenye bomba, ingawa mpira umeenea zaidi jimu. Mpira husaidia sana pale unapovutika sana, yaani chini kabisa, na husaidia kidogo juu, bila kumuuliza mtu udhaifu wake uko wapi. Mguu nao una hatari ya kudanganya, kwa kuwa mtu aliyechoka hukanyaga zaidi bila kujua. Mizani ndiyo inayoondoa udanganyifu huo.

Upande mwingine wa mizani ya hoja ni gharama ambayo mwili unailipa. Kushuka huchana nyuzi za misuli kuliko kushikilia, na maumivu yake hufikia kilele kati ya siku ya kwanza na ya tatu. Mwili hujikinga haraka baada ya mara ya kwanza, ndiyo sababu siku ya mwanzo inatosha kushuka mara 3 tu hata kama mtu anajiona ana nguvu za kushuka mara 15. Baadaye mara 4 au 5, siku 2 au 3 kwa wiki zisizofuatana, ni kazi ya kutosha, na mtu aache mara tu anaposhuka kwa chini ya sekunde 3, kwa sababu kinachofuata ni kuanguka. Anayevimba mikono isivyo kawaida, akashindwa kuinyoosha, na mkojo wake ukawa na rangi ya kahawia iliyokolea, aende hospitali siku hiyohiyo. Misuli imevunjika kiasi cha kuweza kuumiza figo, na mfululizo mrefu wa kushuka kwa mtu asiyezoea ni miongoni mwa visababishi vinavyojulikana. Maumivu ya upande wa ndani wa kiwiko ni jambo jingine: hayo ni ya kano, huja taratibu, na yakitokea ni busara kupunguza kushuka na kubaki na kushikilia kwa mzigo mwepesi, ambako viwiko vingi huvumilia vizuri zaidi.

Kwa hiyo swali la kipi kitangulie linategemea kipimo cha kwanza. Mtu mzito, au aliyekaa miaka bila mazoezi, ambaye akishuka anafika chini ndani ya sekunde 2 hata akijitahidi, hana cha kupata kwenye kushuka kwa sasa; aanze na kushikilia. Mwenye sekunde 5 au zaidi aanze na kushuka, na kushikilia kuwe nyongeza kwa pembe yake dhaifu.

Kuna jambo moja ambalo njia zote mbili hazilifundishi, nalo ni kuanza kupanda kutoka kwenye kuning'inia. Hilo linahitaji zoezi dogo la kuning'inia mikono ikiwa imenyooka na kuyavuta mabapa ya mabega chini bila kukunja viwiko, mara 5 hadi 8 kabla ya kazi nyingine. Mtu anapoweza kushuka mara 3 kwa sekunde 8 kila mara, mwendo ukiwa sawa tangu juu hadi chini, ajaribu kujivuta mwanzoni mwa mazoezi kabla ya kuchoka, viganja vikielekea usoni, kwa kuwa mshiko huo huipa misuli ya mbele ya mkono nafasi kubwa ya kusaidia. Akikwama njiani, asijirushe kwa miguu. Ashuke polepole kutoka hapo alipokwama, akumbuke pembe ya kiwiko, na siku ya mazoezi inayofuata stuli iwekwe kwa ajili ya pembe hiyo.